NDF: Kufunga bei ya yuan bila kuigusa yuan

Kila msimu wa maonyesho ya Canton ukipita, maswali kutoka Guangzhou yanakuja mawili mawili. La kwanza ni la watu wa ofisi ndogo za kununulia mizigo, wale walioko Xiaobei na Sanyuanli: ofisi inaingiza yuan, bosi yuko Dubai au Nairobi, na benki ya Singapore imemwambia anaweza kufunga bei ya dola ya miezi mitatu ijayo kwa kitu kinachoitwa NDF. Wanauliza kama hiyo ni kinga ya kweli. La pili linatoka kwa walioajiriwa, walimu na mafundi na wafanyakazi wa maghala: kuna mtu kwenye grupu la WeChat anasema kwa kutumia NDF unaweza kuzitoa yuan zako China bila karatasi. Wanauliza kama ni kweli.

Hili la pili tulijibu kwanza, kwa sababu jibu ni fupi. Si kweli. NDF haihamishi yuan hata moja kutoka popote kwenda popote, na hilo ndilo jina lake linavyosema: ni mkataba wa bei ya mbele ambao sarafu yenyewe haikabidhiwi. Anayekuambia itakutolea hela, ama hajui anachouza, ama anakijua vizuri sana.

La kwanza ndilo lenye kazi, na ndilo tutakaa nalo.

Mnajua wenyewe yuan ilivyo. Ukiwa na yuan kwenye akaunti ya benki hapo Guangzhou, huwezi tu kwenda dirishani ukasema nipe dola nitume nyumbani. Mgeni aliyeajiriwa anaonyesha mkataba wa kazi na karatasi ya kodi, na benki inambadilishia kulingana na mshahara aliolipiwa kodi. Ule uhuru wa kununua hadi dola 50,000 kwa mwaka bila maelezo mengi ni wa raia wa China, sio wetu. Kampuni nayo inaonyesha ankara na hati za mzigo. Kwa hiyo yuan ina ukuta, na miaka ya tisini ukuta huo ulikuwa mnene zaidi: nje ya China hapakuwa na yuan za kutosha za kukabidhiana. Benki ya Singapore isingeweza kukuahidi "miezi mitatu ijayo nitapokea yuan zako milioni tatu nikupe dola", kwa sababu hizo yuan zisingefika Singapore.

Wafanyabiashara wa fedha wa Singapore na Hong Kong wakatafuta njia. Anayeijua Pemba ataielewa haraka. Karafuu kisheria hununuliwa na ZSTC peke yake, kwa bei inayotangazwa, na kuivusha bahari kivyako ni magendo. Sasa tuseme watu wawili wamekaa Dubai, wakakubaliana: "Siku fulani tutatazama bei ya ZSTC. Ikiwa juu ya kiasi tulichoandika hapa, mimi nakulipa tofauti. Ikiwa chini, wewe unanilipa." Hakuna gunia lililohama Pemba. Hakuna aliyevunja sheria ya karafuu. Lakini kama mmoja wao ana shamba la mikarafuu, amejikinga na bei kushuka. Kama hana shamba, basi hiyo ni kamari tu, tusipakane mafuta.

NDF ni hiyo hiyo. Mnaandika mambo machache: kiasi cha kuhesabia kwa dola, bei ya mkataba, siku ya kupima, chanzo cha kipimo, na siku ya kulipana, ambayo kwa kawaida ni siku mbili za kazi baada ya kupima. Siku ya kupima ikifika, mnasoma bei rasmi. Tofauti yake na bei yenu inahesabiwa kwa yuan, inageuzwa kuwa dola kwa bei hiyo hiyo rasmi, na mmoja anamlipa mwenzake dola. Basi.

```
malipo = kiasi × (kipimo − bei ya mkataba) ÷ kipimo
```

Ukiwa wewe ndiye uliyenunua dola kwenye mkataba, jibu likiwa juu ya sifuri unalipwa, likiwa chini unalipa.

Neno la kushika hapo ni kipimo. Kwa yuan, kipimo cha NDF si bei ya benki yako wala bei iliyo kwenye simu. Ni kiwango cha kati ambacho Benki Kuu ya China inakitangaza kila siku ya kazi saa 3:15 asubuhi ya Beijing, kupitia kituo cha biashara ya fedha za kigeni cha Shanghai. Kwenye mkataba utakiona kimeandikwa `SAEC` au `CNY01`. Siku za sikukuu za China, kama mwaka mpya wao au ile wiki ya Oktoba, hakitangazwi, na siku ya kupima inasogezwa kama mkataba unavyosema.

Kiwango cha kati ni mahali pa kuanzia siku. Baada ya hapo soko la ndani linaruhusiwa kutembea juu au chini yake kwa asilimia fulani, na tangu Machi 2014 ni asilimia 2 kila upande. Maana yake, bei ambayo benki za China zinauziana dola mchana inaweza kukaa mbali na kipimo cha asubuhi, na inaweza kukaa huko kwa miezi. Hapa ndipo kinga inapotoboka, na hatujaona mahali palipoonyesha hivyo wazi kuliko Agosti 2015. Tuipige hesabu yote.

Tuseme kampuni ya Dubai ina ofisi Guangzhou. Ofisi imeuza huduma na mizigo ndani ya China, na mwezi wa nane itakuwa na yuan 3,075,000 ambazo itazibadilisha benki, kwa karatasi zake zote halali, izitume Dubai. Mwezi wa tano bosi anaogopa yuan itashuka. Anafunga NDF na benki ya Singapore: ananunua dola 500,000 kwa bei ya 6.1500. Kampuni na hiyo bei tumeziweka sisi kwa mfano. Lakini bei za Agosti tutakazotumia ni zile zilizotokea.

Bosi akipiga hesabu yake rahisi anaona 3,075,000 kugawa kwa 6.15 ni dola 500,000 kamili. Anafurahi. Tena anafurahi zaidi akitazama bei ya sokoni ya wakati huo, ambayo ilikuwa kama 6.20. Yaani benki inamuuzia dola kwa bei nafuu kuliko soko! Msomaji, ukiona hivyo, usishangilie. Tutarudi hapo.

Tuseme siku ya kupima ni Jumatatu tarehe 10 Agosti 2015. Asubuhi kiwango cha kati kikatoka 6.1162. Kiko chini ya 6.15 kwa yuan 0.0338 kila dola. Mara dola 500,000, ni yuan 16,900. Gawa kwa 6.1162, ni dola 2,763. Bosi analipa. Sawa, anasema, NDF imenila, lakini bila shaka yuan zangu zimenipa zaidi. Siku hiyo hiyo ofisi ya Guangzhou inabadilisha yuan zake. Soko la ndani lilifunga 6.2097, na tuache kando faida ya benki. Yuan 3,075,000 zinatoa dola 495,193. Ukitoa zile 2,763, kinachobaki ni dola 492,430. Pungufu ya lengo lake kwa dola 7,570.

Angalia kilichotokea hapo. Bosi alijikinga dhidi ya yuan kushuka. Sokoni yuan ilikuwa dhaifu kuliko 6.15, kwa hiyo yuan zake zimempa pungufu. Na mkataba wa kinga, badala ya kumfidia, umemdai. Amepigwa pande zote mbili siku moja, na hakuna aliyemwibia. Kipimo cha asubuhi kilisema yuan ina nguvu, soko la mchana likasema haina, naye alikuwa amefunga na kile cha asubuhi.

Sasa sogeza siku ya kupima kwa siku moja tu. Jumanne tarehe 11 Agosti, Benki Kuu ya China ilibadilisha namna ya kupanga kiwango cha kati, ikasema wanaopeleka bei zao asubuhi watazame soko lilivyofunga jana yake. Kiwango kikatoka 6.2298. Kwa mpigo mmoja yuan ikashuka karibu asilimia 1.9, na dunia nzima ya fedha ikashtuka. Kwa bosi wetu hesabu inageuka: tofauti ni 0.0798, mara 500,000 ni yuan 39,900, gawa kwa 6.2298 ni dola 6,405, na sasa yeye ndiye analipwa. Lakini soko nalo halikusubiri. Lilifunga siku hiyo 6.3231, na kwa bei hiyo yuan 3,075,000 zinatoa dola 486,312. Jumlisha 6,405, unapata 492,717. Bado pungufu, dola 7,283.

Weka hizo siku mbili ubavu kwa ubavu. Mtu asiye na NDF aliyebadilisha Jumanne badala ya Jumatatu alipoteza dola 8,881 kwa siku moja. Mwenye NDF hakupoteza. Hata aliongeza mia mbili na themanini na kitu. Kwa hiyo usiseme mkataba haukufanya kazi. Ulifanya kazi yake barabara: kipimo kiliporuka, ulimlipa. Kisichofunikwa ni kile kipande cha dola elfu saba na zaidi kilichokuwepo Jumatatu na kikawepo Jumanne vile vile.

Kipande hicho ni nini? Jumatatu, soko lilikuwa asilimia 1.5 juu ya kiwango cha kati. Jumanne, baada ya tetemeko lote, soko likafunga tena kama asilimia 1.5 juu ya kiwango kipya. Pengo halikubadilika. Asilimia 1.5 ya dola 500,000 ni 7,500, na ndiyo ile pungufu yetu, ukiacha vipande vidogo. NDF inakinga mwendo wa kipimo. Pengo kati ya kipimo na soko linabaki kwako.

Ndiyo maana tulisema usishangilie bei ya 6.15. Ilionekana nafuu kuliko soko kwa sababu ilipimwa kwa rula nyingine. Mwezi wa tano 2015 kiwango cha kati kilikuwa karibu 6.11 na 6.12, na soko karibu 6.20; pengo lilikuwepo mchana kweupe. Bosi angelinganisha 6.15 na kiwango cha kati, angeona kwamba dola ya mbele kauziwa kwa bei ya juu kidogo, si ya chini. Na angechukua 6.15 akaiongezea pengo la asilimia 1.5, angepata karibu 6.24. Hiyo ndiyo bei aliyofunga kwa kweli. Gawa 3,075,000 kwa 6.24 uone: ni dola 492,800 hivi, karibu sana na alichopata Jumatatu na alichopata Jumanne. Mkataba ulimpa alichokinunua. Tatizo ni kwamba alidhani amenunua kitu kingine.

Kwa hiyo mtu wa ofisini akituuliza "hii NDF ni nzuri?", sisi tunamwomba namba tatu za siku moja: bei ya mkataba, kiwango cha kati cha asubuhi hiyo, na bei ambayo benki yake ya Guangzhou ingembadilishia mchana huo. Bei ya mkataba ilinganishwe na kiwango cha kati. Bei ya benki nayo ilinganishwe na kiwango cha kati. Hiyo tofauti ya pili ndiyo pengo, na hiyo aiweke kwenye hesabu kama gharama ambayo hakuna mtu aliyeahidi kumfidia. Baada ya Agosti 2015 kiwango cha kati kilisogea karibu na soko, watu wakasahau. Mwaka 2023 pengo likarudi: mwezi wa tisa kiwango cha kati kilikuwa kama 7.2 wakati soko likienda 7.3 na zaidi. Benki kuu ikitaka kuizuia yuan isishuke haraka, inakishika kipimo cha asubuhi na soko linabanwa kwenye ukingo wa asilimia 2. Kwa hiyo pengo huwa kubwa wakati ule ule ambao watu wanaogopa na kukimbilia kinga.

Kuna tundu la pili, na hili limewashika wengi zaidi kwa sababu halina hesabu ngumu. NDF inalipwa kwa dola, nje. Yuan zako ziko ndani. Siku ambayo yuan imepata nguvu, faida yako iko Guangzhou kwenye akaunti, nyuma ya ukuta, inasubiri karatasi; deni lako liko Singapore na linadaiwa ndani ya siku mbili za kazi. Benki haitakubali "yuan zangu zinakuja". Tena benki nyingi zinadai amana kabla hata siku haijafika, bei ikienda vibaya kwako. Bosi wa mfano wetu angedaiwa dola 2,763 tu, si kitu. Lakini kipimo kingeshuka hadi 6.00, angedaiwa 12,500 taslimu, na kama mteja wa Foshan bado hajalipa ofisi, hizo dola zitoke mfukoni mwa Dubai. Na mteja asipolipa kabisa, mkataba haujui. Unabaki na dau bila shamba la karafuu.

Nani anaruhusiwa kusaini? Hili wengi hawaulizi. Tangu 2006 mamlaka ya China ya fedha za kigeni ilikataza kampuni na watu walioko ndani kuingia kwenye mikataba ya yuan ya aina hii iliyoko nje bila idhini. Kampuni ya Dubai kusaini na benki ya Singapore ni jambo moja. Ofisi iliyosajiliwa Guangzhou kusaini yenyewe, au wewe mfanyakazi unayeishi hapo kubonyeza kiungo ulichotumiwa, ni jambo lingine kabisa. Ukishindwa kudai malipo yako huna polisi wa kumwendea, kwa sababu utaanza kwa kueleza ulikuwa unafanya nini huko.

Ofisi ya Guangzhou yenye ankara halali ina njia yake ya ndani: benki za China zinafunga bei ya mbele kwa kukabidhiana kweli, kwa msingi wa karatasi za biashara. Tangu 2018 zinaruhusiwa pia kufanya mikataba ya kulipana tofauti tu, ila tofauti hiyo inalipwa kwa yuan, ndani. Kwa ofisi ambayo shida yake iko ndani, hiyo mara nyingi inakaa vizuri zaidi, kwa sababu bei ni ya benki ile ile itakayobadilisha hela, na pengo la asubuhi na mchana halina pa kujificha.

Na kuna Hong Kong. Kuanzia Julai 2010 yuan iliruhusiwa kukaa na kuuzwa Hong Kong kwa uhuru. Hiyo ndiyo mnaiona imeandikwa `CNH` kwenye simu zenu, na ya ndani `CNY`. Kwa kuwa sasa nje kulikuwa na yuan za kukabidhiana, watu wengi waliokuwa wakitumia NDF walihamia mikataba ya mbele ya CNH, ambayo inapima kwa bei ya soko la nje na si kiwango cha asubuhi. Kampuni yenye yuan zilizokwisha kutoka kihalali na kukaa Hong Kong, hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza. Lakini mshahara wako ulio kwenye benki ya Guangzhou haugeuki kuwa CNH kwa sababu tu umeona bei ya CNH. Ukuta ni ule ule.

Sarafu ambazo NDF bado ni njia kuu nje ya nchi zake ni kama rupia ya India, woni ya Korea na dola ya Taiwani. Na shilingi zetu je? Zipo, lakini kwa watu wakubwa. Kuna mfuko mmoja Amsterdam, TCX, ulioanzishwa 2007 na mashirika ya fedha za maendeleo, ambao kazi yake ni kuchukua hatari ya sarafu ambazo benki kubwa hazitaki. Mkopeshaji wa Ulaya akitaka kuikopesha taasisi ya mikopo midogo ya Tanzania au Uganda kwa shilingi, lakini mkononi ana dola, TCX inabeba tofauti ya bei, na wanalipana kwa dola bila shilingi kuvuka mpaka. Gharama ya kinga hiyo inaingia kwenye riba. Kwa hiyo kama dada yako Mwanza amekopa kwenye taasisi ya namna hiyo, inawezekana kabisa kuna mkataba wa aina hii nyuma ya mkopo wake, ingawa karatasi yake haiutaji.

Kwa mtu mmoja anayetuma dola mia nne kwa mwezi Kenya au Tanzania, hakuna benki itakayokufungulia NDF, na hatuoni sababu ya kuitafuta. Mikataba hii inaandikwa kwa kiasi kikubwa, chini ya makubaliano marefu ambayo kampuni inasaini na benki mapema. Na mwelekeo haujulikani kama watu wanavyodhani. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 160 kwa dola na kila mtu alikuwa na hakika itaendelea kuanguka. Mwisho wa Machi ilikuwa karibu 131. Aliyefunga kununua dola kwa 165 kwenye mkataba wa miezi miwili angelipa karibu robo ya kiasi chote alichoandika. Hesabu yake ni ile ile ya juu: 34 kugawa kwa 131.

Yale yanayozunguka kwenye magrupu kwa jina la NDF, mara nyingi tukiyafungua tunakuta ni dau la bei kwenye apu ya mtu, linaloonyesha CNY kwenye skrini. Ukitumiwa karatasi, tafuta mistari hii. Chanzo cha kipimo kimeandikwa kwa jina, na unaweza kukisoma mwenyewe mahali pengine, au imeandikwa "bei ya mfumo wetu"? Kama ni ya mfumo wao, anayepima ndiye anayelipwa. Siku ya kupima ni moja, imetajwa, au wanaweza kufunga wakati wowote "amana ikipungua"? Sikukuu za China zimetajwa zitahesabiwaje? Upande wa pili ni benki yenye leseni ya nchi gani? Na je, wanakuomba uweke yuan kwanza kwenye akaunti ya mtu binafsi, kwa WeChat au kwa kadi? NDF inalipwa kwa dola, na inalipwa baada ya kipimo. Anayeanza kwa kuomba yuan zako leo, kwa jina la mtu, hana kipimo anachokisubiri.